Nimebonyeza jibu lirudiwe upya, lile la kwanza limepotea. Linarudi?

#1 Mtoto wa Fundi

Wakuu salama. Naomba msaada wa haraka maana ibada ya kumuaga baba ni Jumamosi.

Nilikuwa naandaa wasifu wa marehemu kwa kutumia apu ya AI kwenye simu. Nikaipa maelezo yote, baba alivyoanza kushona akiwa kijana, alivyotusomesha kwa cherehani ileile, kila kitu. Jibu la kwanza likaja na aya moja kuhusu cherehani yake, nikaisoma nikalia pale pale. Halafu nikasema ngoja nione kama linaweza kuja zuri zaidi, nikabonyeza ile alama ya mshale unaozunguka. Likaja la pili limepoa. Nikabonyeza tena likaja la tatu ndiyo halina maana kabisa. Nikakumbuka sijataja wajukuu, nikapanda juu nikaediti ujumbe wangu wa mwanzo, nikaongeza wajukuu, nikatuma, likaja jibu jingine.

Sasa lile la kwanza silioni popote na sikulikopi. Limefutika au lipo mahali?

#2 Kipanga Mweusi

Pole sana kwa msiba. Kwa ninavyojua hilo limeshakwenda, jibu jipya linaandikwa juu ya la zamani kama ulivyokuwa unarekodi kanda juu ya kanda. Andika tu swali lako lilelile la mwanzo neno kwa neno utapata jibu lilelile.

#3 Shangazi Mdogo

Pole mwanangu. Usihangaike, mwambie humohumo kwenye chati "nirudishie jibu lako la kwanza kabisa kuhusu cherehani". Mimi niliwahi kufanya hivyo likanirudishia vizuri tu.

#4 Fundi Waya

Pole sana ndugu. Kabla hujafanya lolote, usifute hiyo chati na usianze kuandika mengine mengi ndani yake, tulia kwanza.

Kipanga hapo juu una nusu tu. Kwenye ChatGPT, na Claude nayo iko hivyohivyo, jibu la zamani haliandikwi juu. Linawekwa pembeni. Ukibonyeza `Try again` jibu jipya linakuwa ndugu wa lile la kwanza, wote wametoka kwenye swali moja, ila skrini inakuonyesha mmoja tu kwa wakati. Chini ya jibu tafuta vimshale viwili vidogo na namba katikati, mfano `3/3`. Bonyeza cha kushoto mpaka ifike `1/3`.

Na hilo la kuandika swali lilelile upate jibu lilelile, hapana kabisa. Kila neno linachaguliwa kwa bahati nasibu yenye uzito, ndiyo maana hata yeye kwa swali moja alipata vitu 3 tofauti. Ukiuliza upya utapata la nne, siyo la kwanza.

#5 Mzee Kalamu

Angalia kwenye `Settings` sehemu ya chati zilizowekwa kwenye akiba, `Archived chats`. Yangu niliikuta huko nikairudisha.

#6 Fundi Waya

> Angalia kwenye `Settings` sehemu ya chati zilizowekwa kwenye akiba

Mzee wangu hiyo ni chati nzima iliyofichwa. Huyu chati anayo mbele yake, anatafuta jibu moja ndani ya chati. Ushauri wako ni sahihi ila kwa ugonjwa mwingine.

#7 Mtoto wa Fundi

Asanteni kwa pole. Fundi Waya nimeangalia chini ya jibu, hakuna kimshale chochote cha kurudi nyuma. Kuna kopi, kuna dole gumba, kuna ile ya kurudia, basi. Nimefunga apu nikafungua tena, hakuna.

Shangazi nimefanya ulivyosema. Limeniambia "bila shaka, hili hapa jibu langu la kwanza" likaleta aya yenye cherehani lakini SIYO ILE. Naijua siyo ile. Ile ilikuwa na maneno "mlio wa cherehani ndio uliokuwa saa yetu ya alfajiri", hii inasema tu alikuwa fundi hodari mwenye bidii.

#8 Dogo Kodi

Hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Shangazi samahani ila hata lako inawezekana halikuwa lilelile, ulikumbuka maana tu ukaridhika. Hiyo AI inapojibu inasomewa mazungumzo yaliyoko kwenye njia uliyosimama wewe sasa hivi, kuanzia juu mpaka ulipo. Majibu yaliyowekwa pembeni hayamo kwenye hicho inachosomewa. Kwa hiyo ukimwambia nirudishie la kwanza, halioni, linatunga linalofanana. Na linatunga kwa kujiamini kabisa ndiyo hatari yake.

#9 Shangazi Mdogo

Mbona langu lilikuwa sawasawa kabisa? Nilikuwa nimeuliza mambo mengine katikati, halafu nikasema nirudishie lile la kwanza, likarudisha mpaka nukta.

#10 Dogo Kodi

Ndiyo hapo shangazi, wewe hukurudia jibu, uliendelea kuuliza chini. La kwanza lilikuwa bado liko juu kwenye njia yako, likalisoma likalinukuu. Yeye alibadilisha ujumbe wa juu kabisa, kwa hiyo njia aliyopo sasa jibu la kwanza halijawahi kuwepo. Wote mna haki, kila mtu kwa kisa chake.

#11 Fundi Waya

Mtoto wa Fundi nimekisoma tena kisa chako na nadhani nimeona kilipo. Ulifanya vitu viwili tofauti na kila kimoja kina vimshale vyake.

Cha kwanza ulirudia jibu mara mbili. Hapo una majibu matatu chini ya ujumbe wako wa mwanzo, tuyaite A, B na C. Lile lililokuliza ni A. Cha pili ukaediti ujumbe wako. Ukiediti ujumbe, ule wa zamani haubadilishwi, unatengenezwa ujumbe mwingine kando yake, na jibu jipya, tuliite D, linaota chini ya huo mpya. D hana ndugu. Ndiyo maana chini yake huoni namba yoyote, umetafuta mahali ambapo hapana cha kuonyesha.

Vimshale vinakaa kwenye njia panda, na njia panda yako ya mwisho iko kwenye UJUMBE WAKO MWENYEWE. Fanya hivi. Tafuta kompyuta, au fungua kwenye brauza badala ya apu, logini kwa akaunti ileile. Panda juu mpaka ujumbe wako ule wenye wajukuu. Sogeza kipanya juu ya ujumbe wenyewe, utaona `2/2`. Bonyeza kushoto iwe `1/2`. Wajukuu watapotea, ujumbe wa zamani utarudi, na jibu la chini litabadilika palepale. Utakalokutana nalo huenda ni C, lile baya, usikate tamaa. Sasa chini ya hilo jibu ndipo itatokea `3/3`. Bonyeza kushoto mara mbili. Hapo ndipo A alipo.

Ukilipata, kabla ya kulisoma, likopi ulibandike nje ya hiyo apu.

#12 Nyota ya Jaha

Kwa nini umwambie brauza? Mimi kwenye simu yangu vimshale naviona.

#13 Fundi Waya

Kuna simu vinaonekana na kuna simu havionekani, inategemea toleo la apu, na kwenye skrini ndogo wakati mwingine mpaka ushikilie ujumbe kwa kidole. Nimeona nimpe njia ambayo haina ubishi. Kwenye brauza ya kompyuta ndiko nimevikuta kila mara.

#14 Kipanga Mweusi

Nakubali nilikosea kwenye kanda. Lakini bado nabisha kidogo, mimi kuna apu ninayotumia kazini, siyo hizo mlizotaja, ukirudia jibu la zamani linaondoka na hakuna namba wala kimshale, kompyuta wala simu. Kwa hiyo msiwaambie watu kwamba kila mahali yanahifadhiwa.

#15 Dogo Kodi

Hiyo ni kweli mkuu. Ni uamuzi wa aliyetengeneza apu. Injini yenyewe haina kumbukumbu ya majibu, inatoa maneno basi. Anayehifadhi ni apu, na mwenye apu akiamua kuhifadhi mstari mmoja tu bila matawi basi la zamani linaondoka kweli. Ndiyo maana nampenda mtu anayefanya jaribio kwanza. Fungua chati ya kuchezea, uliza kitu kidogo, rudia jibu, uone kama inatokea `2/2`. Isipotokea, ujue apu hiyo usirudie jibu kabla ya kukopi.

#16 Zuhura_K

Habari zenu. Na mimi nina kesi na yangu imeshindikana. Mtaala wa kufundishia niliandaa wiki 3 zilizopita, nikarudia jibu, la zamani nalitaka. Kwenye brauza, kwenye ujumbe wangu, kwenye jibu, kote hakuna namba. Nikaomba data zangu zote, nikatumiwa faili, nikafungua `chat.html`, nikatafuta kwa `Ctrl+F`, jibu jipya lipo la zamani hakuna. Kwa hiyo mimi najua limefutwa.

#17 Dogo Kodi

Zuhura subiri, usihitimishe. Kama ni ChatGPT, ulifungua faili siyo. Kwenye zip uliyotumiwa kuna `chat.html` na kuna `conversations.json`. Ile ya kwanza inapochora mazungumzo inaanzia jibu la mwisho ulilokuwa umesimama, inapanda kwa mzazi, mzazi wa mzazi, mpaka juu. Ikipanda hivyo inapita kwenye njia moja tu, haiwagusi ndugu wa pembeni. Ndiyo maana la zamani hukulikuta.

`conversations.json` ndiyo yenye ukoo mzima. Humo kila ujumbe una mzazi wake (`parent`) na orodha ya watoto wake (`children`), na majibu yaliyobadilishwa yamo. Kuisoma kwa macho ni mateso lakini ukiwa na Python weka hii kwenye folda ileile, badilisha neno uweke neno unalolikumbuka kwenye jibu la zamani:

```python
import json
neno = "cherehani"
for c in json.load(open("conversations.json", encoding="utf-8")):
    for n in c["mapping"].values():
        m = n.get("message")
        if not m or m["author"]["role"] != "assistant":
            continue
        vipande = m["content"].get("parts") or []
        t = " ".join(v for v in vipande if isinstance(v, str))
        if neno in t:
            print(c["title"], "\n", t, "\n-----")
```

Chagua neno lisilo la kawaida. Ukiweka "mwalimu" kwenye mtaala utaletewa dunia nzima. Na angalia herufi kubwa na ndogo, hiyo kodi inatofautisha.

Asiye na Python afungue faili kwa kihariri chochote cha maandishi atafute neno hilo, litapatikana, ila aya zitakuwa zimebanana na `\n` zimejaa katikati.

#18 Zuhura_K

Sikujua kabisa kuhusu hiyo faili ya pili. Linki niliyotumiwa kwenye barua pepe nikiibonyeza sasa hivi inagoma, na ile zip niliifuta.

#19 Dogo Kodi

Linki inaishi saa 24 tu. Omba upya, `Settings`, halafu `Data controls`, halafu `Export data`. Barua pepe inaweza kuja baada ya dakika chache au ukasubiri sana, inategemea una chati kiasi gani. Ikija pakua siku hiyohiyo na uitunze.

#20 Msomali wa Bahari

Zuhura swali moja, hiyo chati ulikuwa umewasha `Temporary Chat`? Maana hizo hazikai kwenye historia, ukitoka ndiyo basi.

#21 Zuhura_K

Hapana, chati ipo kwenye orodha yangu na naifungua kila siku. Ni ile namba tu haipo.

#22 Nyota ya Jaha

Mimi nadhani ni kwa sababu ulibadilisha modeli ulipokuwa unarudia.

#23 Fundi Waya

Sidhani Nyota. Nimerudia majibu kwa modeli nyingine mara nyingi na vimshale vilikuwepo, jibu la modeli moja na la nyingine wanakaa kama ndugu tu. Mimi nawaza kitu kingine, Zuhura unakumbuka kweli ulibonyeza ya kurudia, au uliandika chini "niandikie upya"? Maana ukiandika chini hakuna tawi, jibu la zamani liko juu yako kwenye chati ileile, panda tu.

#24 Zuhura_K

Nilipanda mpaka mwanzo, halipo. Nilibonyeza, nakumbuka. Na nilibonyeza likiwa bado linaandika, halijamaliza, mtandao ulikuwa unakatika.

#25 Msomali wa Bahari

Aaah. Hapo sasa kuna maneno. Jibu lililokatwa katikati, mimi nimewahi kukuta limehifadhiwa nusu, na siku nyingine sikukuta kitu.

#26 Dogo Kodi

Yangu yaliyokatwa kwa kubonyeza kitufe cha kusimamisha niliyakuta nusu kwenye faili. Ya mtandao kukatika sina uhakika wa kukupa, jaribu hiyo faili ndiyo itasema.

#27 Kipanga Mweusi

Zuhura lakini kama halikumaliza, wewe ulilipendaje?

#28 Zuhura_K

Lilikuwa limefika wiki ya 6 kati ya 10 na mpangilio wa hizo wiki 6 ulikuwa mzuri. Nilibonyeza kwa bahati mbaya nikidhani limekwama.

#29 Mzee Kalamu

Nami niongeze moja ambayo iliniokoa, safari hii inahusu jibu kweli. Nilikuwa nimemtumia mwenzangu mazungumzo yangu kwa linki ya `Share` siku moja kabla. Kesho yake nikarudia jibu nikaharibu. Nikafungua ile linki niliyomtumia, jibu la zamani likawa bado limekaa palepale. Nilikuja kuelewa kwamba linki inabeba mazungumzo kama yalivyokuwa wakati unaitengeneza, yale ya baadaye hayaingii mpaka uisasishe mwenyewe.

#30 Fundi Waya

Safi sana mzee, hiyo wengi hawaikumbuki. Na kama una kompyuta ambayo chati ilikuwa wazi kabla hujarudia jibu kwenye simu, usiirifreshi. Mara nyingi bado inaonyesha ya zamani, kopi kwanza.

#31 Mtoto wa Fundi

Nimelipata!!! Wakuu nimelipata.

Nilienda kwa jirani nikaomba kompyuta. Nikafungua, nikapanda mpaka ujumbe wangu, nikauwekea kipanya, `2/2` ikatokea kama Fundi Waya alivyosema. Nikabonyeza kushoto. Likaja lile la tatu baya na nikaona `3/3` chini. Nikabonyeza mara mbili na hili hapa, "mlio wa cherehani ndio uliokuwa saa yetu ya alfajiri". Mikono ilikuwa inatetemeka. Nimelikopi, nimejitumia barua pepe, nimemtumia na dada.

Mungu awabariki wote, Fundi Waya kipekee.

Sasa swali moja. Wajukuu hawamo kwenye hili la kwanza. Nikiandika hapohapo chini "ongeza wajukuu" nitaharibu tena?

#32 Fundi Waya

Ashukuriwe Mungu. Hutaharibu. Ukiwa umesimama kwenye A ukaandika ujumbe mpya chini yake, AI inasomewa njia ya A, kwa hiyo aya ya cherehani inaiona. D atabaki kwake kule `2/2`. Ila usimwambie "ongeza wajukuu" tu maana atakuandikia wasifu wote upya na aya yako ataigusa. Mwambie akuandikie aya moja ya wajukuu peke yake, halafu wewe uibandike kwa mkono mahali unapotaka.

#33 Nyota ya Jaha

Au tumia `Branch in new chat`, iko kwenye vile vidoti vitatu chini ya jibu. Inakufungulia chati mpya kuanzia hapo, ya zamani inabaki haijaguswa. Mimi siku hizi sirudii jibu kwenye kitu cha maana mpaka nimefanya hivyo.

#34 Shangazi Mdogo

Nimefurahi mwanangu. Na mimi nimejifunza, kumbe kuna kuuliza chini na kuna kurudia.

#35 Mtoto wa Fundi

Nimerudi tena. Dada amesoma aya ile amelia kama mimi, halafu akaniuliza, "hii ya kwamba baba aliinunua cherehani kwa mshahara wake wa kwanza umeitoa wapi?" Nikarudi kwenye maelezo yangu niliyoandika, hakuna mahali nilisema hivyo. Baba alirithi cherehani kwa mjomba wake. Ilitungwa. Nilikuwa nimeisoma mara kumi sikuiona kwa sababu ilikuwa imekaa vizuri.

Nimeitoa hiyo sentensi nikaandika ya mjomba kwa mkono wangu. Ya saa ya alfajiri nimeiacha, maana hiyo ni kweli, tulikuwa tunaamka kwa ule mlio.

#36 Dogo Kodi

Mshukuru dada. Na pitia tarehe zote na majina kabla ya Jumamosi.

#37 Zuhura_K

Poleni na hongera Mtoto wa Fundi. Mimi nimeomba faili tena, barua pepe bado haijaja. Dogo Kodi nikikwama kwenye hiyo Python nitakuita, nimeshachagua neno, "kigae", maana kwenye wiki ya 4 kulikuwa na zoezi la vigae na sidhani kama lipo kwenye chati nyingine yoyote.

#38 Dogo Kodi

Kama kwenye jibu liliandikwa "vigae" basi tafuta "igae", itashika vyote viwili. Nipo.